Jalada Husika ni Lipi? Kisa cha mwongozo wa masijala katika ofisi moja ya Tabora

Ofisi inayozungumziwa hapa ni ya muungano wa vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku mkoani Tabora, na kazi yenyewe ni ya kila siku: kupokea barua zinazoingia, kuzisajili, kuziweka kwenye majalada na kuyafikisha majalada hayo kwa mwenye kutoa uamuzi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na karani mmoja wa masijala, ambaye hakuwahi kuhitaji mwongozo kwa sababu kila kitu alikuwa nacho kichwani. Alipokaribia kuanza likizo ya uzazi, ambayo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni siku 84, uongozi uliajiri kijana wa kushika nafasi yake kwa muda, na karani akaombwa aandike utaratibu wa kazi yake ili mgeni aufuate. Mimi nilikuwa nasimamia utawala katika ofisi hiyo, kwa hiyo jukumu la kuhakikisha kwamba maandishi hayo yanatumika lilikuwa langu.

Karani aliandika ukurasa mmoja, kwa mwandiko mzuri, na maelekezo yenyewe yalikuwa haya:

1. Pokea barua na usaini kitabu cha aliyeileta.
2. Gonga mhuri wa kupokelewa.
3. Sajili barua kwenye rejesta.
4. Weka barua kwenye jalada husika.
5. Peleka jalada kwa Meneja.
6. Jalada likirudi, fuatilia utekelezaji.

Hakuna hata mstari mmoja wenye kosa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa masijala angeusoma ukurasa huo na kutikisa kichwa kwa kukubali, na hapo ndipo ugumu wa kuuhakiki ulipo, kwa sababu anayeijua kazi husoma maneno machache na kujaza mengine yote kutoka kichwani mwake bila kujua kwamba amejaza. Kijana mwenyewe naye hakuwa mbumbumbu. Alikuwa amesomea utunzaji kumbukumbu katika Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya hapa hapa Tabora, na alijua kwamba folio ni karatasi yenye namba yake ndani ya jalada, kwamba dokezo ni maelezo mafupi yanayoandikwa jaladani kuomba au kutoa uamuzi, na tofauti ya masijala ya wazi na masijala ya siri. Aliusoma ukurasa, akasema, "Nimeelewa, dada," na sina shaka kwamba alisema kweli kwa kadiri ya alichokuwa amekisoma.

Tulikubaliana kuujaribu kabla karani hajaondoka. Asubuhi moja zilipoingia barua tano, kijana aliketi mezani na ukurasa ule mbele yake, karani akaketi nyuma yake akiwa ameombwa asiseme neno, nami nikawa naandika kila mahali mkono wa kijana uliposita na kila mahali karani alipojizuia kusema. Mahali pa aina ya pili ni pa maana zaidi. Mgeni anaposita, mwongozo umenyamaza na yeye mwenyewe ameuona ukimya huo. Lakini anapoendelea bila kusita huku mwenyeji akitamani kumshika mkono, mwongozo umempeleka pasipotakiwa wala hana habari.

Barua ya kwanza haikuwa na shida. Ilitoka kwa msambazaji wa pembejeo, ilikuwa jibu la barua yetu, na ilitaja Kumb. Na. yetu, kwa hiyo kijana alilichukua jalada lenye namba hiyo na kazi ikaisha. Barua ya pili ilikuwa ndani ya bahasha iliyoandikwa "Siri" kwenye kona. Kijana aliichana kama alivyochana ya kwanza, kwa kuwa ukurasa haukusema chochote juu ya bahasha. Chuoni alifundishwa kwamba barua za siri hazifunguliwi masijala ya wazi, lakini ofisi hii haikuwa na masijala ya siri, naye akadhani kwamba hapa kila kitu hupita mlango mmoja. Kumbe upo utaratibu, ila haujaandikwa popote: bahasha ya siri husajiliwa kwa yale yanayosomeka nje yake tu, kisha hukabidhiwa kwa katibu muhtasi wa Meneja, naye husaini rejesta. Barua ya tatu ilikuwa imekuja na ankara mbili zilizobanwa kwa pini, na kijana alizitia zote kwenye jalada, wakati desturi ya hapo ni kwamba ankara halisi huenda kwa mhasibu siku hiyo hiyo na jaladani hubaki nakala.

Barua ya nne ndiyo iliyoonyesha kasoro kubwa, na inafaa tuitazame kwa ukaribu. Ilitoka kwenye chama kimoja cha msingi wilayani Sikonge. Mstari wa YAH ulisema "Maombi ya mbolea ya nyongeza", na aya ya kwanza kweli ilizungumzia mbolea. Aya ya pili ililalamika kwamba mizani ya kituo cha kununulia tumbaku inatofautiana na mizani ya ghala la chama, na ikaomba ukaguzi ufanyike kabla ya siku ya soko. Kijana alisoma YAH, akalichukua jalada la pembejeo, akaandika namba ya folio na kuiweka barua ndani. Nyuma yake karani alikuwa amekwisha kunyanyua mkono.

Mwongozo ulisema "jalada husika", na kijana alitii. Kwa karani, maneno hayo mawili yamebeba maarifa ya miaka: kwamba wakulima wengi huandika YAH ya jambo lililo jepesi kuomba na kuliweka lililo zito ndani, kwamba habari ya mizani ina siku ya mwisho, kwa kuwa siku ya soko ikipita robota za tumbaku zitakuwa zimekwisha kupimwa na kulipwa, kwamba mwenye mamlaka ya kuhakiki mizani ni Wakala wa Vipimo, hivyo ofisi inatakiwa kuandika barua ya kuomba ukaguzi na kuacha muda wa kuja kwao. Jalada la pembejeo lingekwenda kwa afisa pembejeo, naye angejibu habari ya mbolea kwa uaminifu kabisa, na malalamiko ya mizani yangebaki jaladani yakiwa na folio yake nzuri, yamesajiliwa na yamejibiwa nusu. Katika rejesta mstari huo ungeonekana umekamilika. Kosa la namna hiyo ni gumu kuligundua kuliko barua iliyopotea, kwa sababu barua iliyopotea hutafutwa.

Tulipokaa kuandika upya, basi, hatukuanza na hatua. Nilimwomba karani afanye kazi yake kama kawaida kwa barua za siku iliyofuata, na kila mkono wake ulipoelekea mahali fulani nikamuuliza swali moja tu: "Umejuaje?" Swali la "Unafanya nini?" huzaa hatua sita zile zile, kwa kuwa mtu akiulizwa anachofanya hueleza vitendo vyake, akiulizwa amejuaje, hueleza alichokitazama na alichokilinganisha nacho. Mwanzoni alikuwa akijibu, "Nimezoea tu." Nikiuliza mara ya pili, likitokea swali la kinyume, kwa mfano kwamba barua hii ingekuwa haina Kumb. Na. yetu ungefanyaje, majibu yalikuja yenyewe.

Mstari wa nne wa ukurasa wa zamani ukageuka kuwa hivi:

"Kuchagua jalada. (a) Tafuta kwenye barua Kumb. Na. yetu. Ikiwepo, tumia jalada lenye namba hiyo. (b) Isipokuwepo, soma barua yote hadi mwisho, siyo YAH peke yake, na utafute sentensi inayotuomba kufanya jambo. Tafuta jambo hilo kwenye Orodha ya Majalada iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Tafuta kwa jambo, siyo kwa jina la mwandishi. (c) Barua ikituomba mambo mawili, weka barua halisi kwenye jalada la jambo lenye siku ya mwisho iliyo karibu zaidi. Toa nakala, iweke kwenye jalada la pili, na uandike juu yake: 'Halisi ipo jalada Na. …, folio …'. Sajili mistari miwili kwenye rejesta. (d) Usipopata jalada kwenye Orodha, usifungue jipya. Weka barua kwenye trei ya kijani na umwulize Afisa Utawala kabla ya saa 9 alasiri siku hiyo hiyo."

Kifungu cha (d) kilizua ubishi. Karani aliona kwamba kumnyima mgeni ruhusa ya kufungua jalada ni kumdharau msomi, lakini nilishikilia, na bado nadhani ni sawa. Jalada jipya hufunguliwa kwa dakika chache, ila likishafunguliwa kwa jambo ambalo tayari lina jalada lake, barua za jambo moja zitakuwa zikigawanyika sehemu mbili kwa miezi, na anayetoa uamuzi atakuwa akisoma nusu ya habari bila kujua kwamba nusu nyingine ipo kabatini. Mgeni hawezi kujua yaliyomo kwenye majalada ambayo hajawahi kuyafungua, na hilo halina uhusiano na usomi wake. Ndiyo maana pia kifungu hicho kina jina la cheo cha mtu wa kuulizwa, mahali pa kuweka barua wakati wa kusubiri, na saa ya mwisho. Kumwambia mgeni "uliza ukikwama" bila mambo hayo matatu ni kumwachia barua mkononi.

Orodha ya Majalada yenyewe haikuwepo. Yalikuwepo majalada, na majina yake yaliandikwa kwenye migongo yake, lakini hakuna karatasi iliyoyataja yote pamoja na maelezo ya kinachoingia ndani. Tuliitengeneza kwa safu tatu: namba ya jalada, jina lake, na mambo yanayoingia humo kwa maneno ambayo waandishi wa barua huyatumia wenyewe. Jalada lililoitwa "Vipimo na Ubora" lilipata kwenye safu ya tatu maneno "mizani, uzito kupungua, robota kukataliwa, malalamiko ya madaraja", maana hakuna mkulima wa Urambo au Kaliua atakayeandika barua yenye neno "ubora" akilalamikia kushushwa daraja. Karatasi hiyo ilikula muda kuliko mwongozo wote, na ndiyo iliyotumika zaidi baadaye.

Mistari mingine iliandikwa upya kwa haraka zaidi. Kwenye mhuri tuliongeza mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba kila asubuhi, kabla ya barua yoyote, mgeni azungushe tarehe na kugonga mara moja kwenye karatasi chakavu, asome tarehe iliyotokea, ndipo agonge kwenye barua. Mhuri wa gurudumu hubaki na tarehe ya jana kimyakimya, na barua inayodai jibu ndani ya siku 14 tangu kupokelewa huhesabiwa kwa mhuri huo. La pili ni kwamba asigonge juu ya saini wala juu ya maandishi. Kwenye folio tulisema: fungua jalada, soma namba ya folio ya juu kabisa, ongeza moja, iandike kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu kulia. Agizo la kusoma kwanza namba iliyopo linaonekana la kitoto, lakini folio mbili zenye namba moja ndani ya jalada moja hutokea hivyo hivyo, mtu anapokisia.

Mstari wa sita, ule wa "fuatilia utekelezaji", ulitupeleka mahali ambapo hatukutarajia. Karani alieleza kwamba jalada likirudi kutoka kwa Meneja husoma dokezo la mwisho. Likimtaja afisa, hulipeleka kwa afisa huyo na kuandika kwenye kadi ya mwendo wa jalada. Likisema barua ihifadhiwe, hufunga mstari kwenye rejesta. Likitaja tarehe, kwa mfano "nililete tena tarehe 20", huandika kwenye shajara ya masijala, katika ukurasa wa tarehe 19, ili jalada litolewe kabatini siku moja kabla. Hadi hapo mambo yaliandikika vizuri. Kisha nikauliza inakuwaje Meneja anapoweka saini peke yake, bila neno. Karani akacheka. Akasema saini tupu kwenye barua ya kawaida maana yake ni "nimeona, endeleeni", lakini saini tupu kwenye barua ya halmashauri au ya mamlaka ya serikali maana yake ni kwamba mzee bado anafikiri, na jalada hurudishwa mezani kwake baada ya siku mbili bila kumwuliza.

Tungeweza kuyaandika hayo kama yalivyo, na kijana angeyafuata. Lakini mwongozo unaomfundisha mgeni kubahatisha mawazo ya mkubwa wake unaigeuza bahati nasibu kuwa utaratibu, na siku Meneja atakapobadilika masijala itaendelea kumtafsiri mtu ambaye hayupo. Hapakuwa na pengo la maelezo hapo. Palikuwa na uamuzi ambao hakuna aliyewahi kuufanya, na mwandishi wa mwongozo hana mamlaka ya kuufanya kwa niaba ya wengine. Nililipeleka suala kwa Meneja mwenyewe, nikimwonyesha majalada mawili yaliyorudi na saini tupu. Hakupenda mwanzoni, ila alikubali kwamba kuanzia hapo ataandika ama cheo cha afisa, ama "ihifadhiwe", ama tarehe. Mwongozo ukasema kwa ufupi: jalada likirudi bila mojawapo ya hayo matatu, lirudishe kwa katibu muhtasi siku hiyo hiyo. Tangu hapo mgeni hakutakiwa kumjua Meneja ili aweze kufanya kazi.

Kila hatua ilipata pia alama ya kuonyesha kwamba imekamilika, na mara nyingi alama hiyo ilikuwa ni safu ya rejesta. Rejesta ya hapo ina safu za namba, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya barua, Kumb. Na. yao, imetoka kwa nani, inahusu nini, jalada na folio, imepelekwa kwa nani, na imekamilika lini. Safu ya mwisho ilikuwa ikiachwa tupu kwa sababu karani alikumbuka mwenyewe yapi bado. Mwongozo ukaweka kazi ya kila Ijumaa: pitia safu ya mwisho, na kila mstari ulio mtupu ambao barua yake ina zaidi ya siku saba, andika namba yake kwenye karatasi moja na umpe Afisa Utawala. Kwa barua yenye mambo mawili, mistari yake miwili hufungwa kila mmoja kivyake, hivyo habari ya mizani haiwezi tena kufungwa na jibu la mbolea.

Yale tuliyoyaacha nje yalikuwa mengi, na tuliyaacha kwa makusudi. Rasimu moja iliyopita mkononi mwangu ilikuwa na aya nzima ya umuhimu wa kumbukumbu katika taasisi, na nyingine iliyofafanua dokezo ni nini. Kijana alikuwa amekwisha kufundishwa hayo chuoni, na mtu mwenye barua mkononi na mleta barua akimsubiri dirishani hasomi utangulizi. Tuliondoa pia sentensi zote za namna ya "barua ihakikishwe kwamba imesajiliwa", kwa kuwa hazisemi ni nani ahakikishe. Mwongozo wote ukawa na kurasa mbili, pamoja na Orodha ya Majalada.

Jaribio la pili hatukumpa kijana. Alikuwa ameshinda nasi akisikia maelezo yote, na kwa hiyo angefaulu hata kama kurasa hizo zingekuwa tupu. Tulimpa mhudumu wa ofisi, mama mmoja anayejua kusoma na kuandika vizuri lakini hajawahi kugusa rejesta. Alisita mara mbili. Hakujua ufunguo wa kabati unakaa wapi, jambo ambalo sisi sote tuliliona ni la wazi kiasi cha kutoliandika, na aliuliza bahasha iliyokwisha kufunguliwa itupwe au itunzwe. Karani alijibu bila kufikiri kwamba hutupwa, kisha akajirekebisha: barua ikiwa haina tarehe, au tarehe yake ni ya zamani sana kuliko siku iliyofika, bahasha hubanwa nyuma ya barua, kwa sababu muhuri wa posta ndio utakaoonyesha ilitumwa lini. Mistari miwili ikaongezwa. Ule wa ufunguo unasema tu kwamba upo kwa Afisa Utawala hadi saa 1:30 asubuhi, baada ya hapo upo masijala, kwa kuwa kuandika mahali penyewe unapofichwa kwenye karatasi ya ukutani kungekuwa ni kuwaalika wageni wengine.

Chini ya ukurasa wa pili tuliandika tarehe ya kuanza kutumika, cheo cha mwenye mamlaka ya kuubadilisha, na agizo kwamba mabadiliko yoyote yaandikwe kwanza kwa penseli pembeni, kisha mwisho wa mwezi uchapwe upya na nakala zote za zamani ziondolewe. Ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa hatua sita, ulikuwa bado umebandikwa karibu na dirisha la kupokelea barua, na ikabidi uondolewe siku hiyo hiyo, maana mtu mwenye haraka atasoma wenye mistari michache.

Penseli ya kwanza iliandikwa na kijana mwenyewe karani akiwa likizoni. Viongozi wa vyama vya msingi walikuwa wakipiga picha barua zao na kumtumia Meneja kwa WhatsApp, kisha barua halisi inakuja na basi siku kadhaa baadaye, na barua moja ikawa inapata folio mbili na kujibiwa na maafisa wawili. Baada ya kushauriana, iliandikwa kwamba picha huchapwa na katibu muhtasi na kuletwa masijala siku hiyo hiyo, husajiliwa kwa tarehe iliyofika kwenye simu na kuandikwa "kwa simu" kwenye safu ya "imetoka kwa nani". Barua halisi ikifika haiandikiwi mstari mpya kwenye rejesta, bali hulinganishwa na picha neno kwa neno, hugongwa mhuri wa siku yake, na hupewa namba ile ile ya folio yenye herufi A. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, kama ilivyotokea kwa idadi ya mifuko ya mbolea kwenye barua moja, jalada hupelekwa tena kwa Meneja kabla ya jibu lolote kutoka.